Una 21 kati ya 30: unahitaji ngapi kwenye mtihani wa 70?

Wiki mbili kabla ya mitihani, swali linalozunguka mabwenini ni moja: nikipata ngapi nitafika pale ninapotaka? Wengi hulijibu kwa kukisia. Mmoja anasema CAT zake zilikuwa nzuri kwa hiyo hana wasiwasi, mwingine anasema zilimharibikia kwa hiyo kozi imekwenda. Wote wawili wangeweza kupata jibu kamili kwa dakika tano, kalamu na karatasi, kwa sababu kila kitu kinachohitajika tayari kinajulikana isipokuwa namba moja.

Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya, kozi ya shahada ina alama 100. Kati ya hizo, 30 hutokana na kazi za muhula, yaani CAT, asainmenti na pengine mazoezi ya maabara, na 70 hutokana na mtihani wa mwisho. Kupita ni 40. Kutoka 40 hadi 49 ni D, kutoka 50 hadi 59 ni C, kutoka 60 hadi 69 ni B, na 70 kwenda juu ni A. Nitatumia mpangilio huo. Kama chuo chako kina 40 kwa 60, kama ilivyo katika vyuo vingi vya Tanzania, njia ni ile ile. Weka 40 mahali pa 30 na 60 mahali pa 70.

Tuchukue mwanafunzi mmoja twende naye mpaka mwisho. Yuko mwaka wa pili na kozi yenyewe ni takwimu. CAT ya kwanza alipata 14 kati ya 20. CAT ya pili alipata 27 kati ya 40. Asainmenti alipata 8 kati ya 10. Anataka B, kwa hiyo shabaha yake ni 60.

Hatua ya kwanza: jua hizo 30 zimegawanywaje

Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika kabla hazijaanza. Mwanafunzi wetu ana namba tatu, na kila moja imetoka kwenye jumla yake: moja ni kati ya 20, nyingine kati ya 40, nyingine kati ya 10. Mhadhiri lazima azifanye ziwe namba moja kati ya 30, na kuna njia mbili ambazo wahadhiri huzitumia sana.

Njia ya kwanza ni kuzijumlisha zote kama zilivyo. 14 na 27 na 8 ni 49. Jumla ya juu kabisa iliyowezekana ni 20 na 40 na 10, yaani 70. Kwa hiyo ana 49 kati ya 70. Kuipeleka kwenye 30, gawa 49 kwa 70 kisha zidisha kwa 30. Jibu ni 21 kamili.

Njia ya pili ni kuipa kila kazi sehemu yake ndani ya zile 30. Tuseme mhadhiri ametangaza kwamba kila moja ya kazi hizo tatu ina alama 10. CAT ya kwanza, 14 kati ya 20, inakuwa 7 kati ya 10. CAT ya pili, 27 kati ya 40, unaigawa kwa 4 na kupata 6.75. Asainmenti inabaki 8. Jumla ni 21.75.

Mwanafunzi ni yule yule na karatasi ni zile zile, lakini majibu yamepishana kwa robo tatu ya alama. Sababu ni kwamba kwenye njia ya kwanza CAT ya pili, yenye alama 40 kati ya 70, inabeba zaidi ya nusu ya uzito wote, na hiyo ndiyo aliyofanya vibaya kuliko zote. Kwenye njia ya pili asainmenti, ambayo alifanya vizuri kuliko zote, inapewa uzito sawa na CAT. Robo tatu ya alama inaonekana ndogo mpaka siku unapopata 59.

Kwa hiyo usikisie. Mgawanyo huu kwa kawaida uko kwenye karatasi ya maelezo ya kozi inayotolewa wiki ya kwanza. Kama haumo, mwulize mhadhiri swali lenye jibu moja tu: "Mwalimu, CAT ya kwanza ina alama ngapi ndani ya 30, ya pili ngapi, na asainmenti ngapi?" Ukimwuliza tu "tutafanya CAT ngapi?" hutapata unachokihitaji. Kwenye kozi za sayansi, uliza pia maabara, kwa sababu ripoti za maabara zinaweza kubeba sehemu kubwa ya hizo 30 na wanafunzi huzisahau kwenye hesabu zao.

Mhadhiri wa mwanafunzi wetu anatumia njia ya pili. Tutaendelea na 21.75.

Jambo moja la kuangalia kabla ya kwenda mbele. Ukifungua tovuti ya wanafunzi ukakuta namba ya kazi za muhula, angalia kama tayari imegeuzwa au bado. Ikizidi 30, ni asilimia au ni alama ghafi, na unatakiwa kuigeuza mwenyewe. Ikiwa chini ya 30, inaweza kuwa imeshageuzwa, na ukiigeuza tena utajipunja vibaya: 21.75 ukiizidisha kwa 0.3 inakuwa 6.5, na utatumia wiki mbili ukiamini uko shimoni ilhali huko. Chukua dakika moja ulinganishe na hesabu yako ya mkono. Zikikubaliana, tulia.

Hatua ya pili: toa

Sehemu hii ni fupi. Shabaha ni 60. Ulichonacho ni 21.75. Toa, unapata 38.25.

Hizo 38.25 ndizo alama anazohitaji kutoka kwenye zile 70 za mtihani. Kwa kuwa msahihishaji anatoa alama nzima, au nusu akipenda, mwanafunzi wetu aichukulie kuwa 39. Kila mara panda juu, usishuke. Akipata 38 jumla yake ni 59.75, na hapo atakuwa anategemea kama mfumo wa chuo unakadiria kwenda namba nzima iliyo karibu au unakata desimali. Baadhi ya idara hukadiria, baadhi hazikadirii. Mipango ya kusoma isijengwe juu ya jambo hilo.

Kwa shabaha nyingine ni kutoa tu. Akitaka kupita peke yake, 40 toa 21.75 ni 18.25, kwa hiyo anahitaji 19. Akitaka A, 70 toa 21.75 ni 48.25, kwa hiyo 49.

Hatua ya tatu: usichanganye 70 na 100

Anayehitaji 39 kati ya 70 hahitaji asilimia 39. Gawa 39 kwa 70, zidisha kwa 100, unapata karibu asilimia 56. Tofauti hiyo ya pointi 17 ndiyo inayowashangaza watu matokeo yakitoka. Mtu amejiambia "nahitaji 39 tu," akajiona anaweza kujibu chini ya nusu ya karatasi, kumbe alihitaji kujibu zaidi ya nusu.

Ipo pia hali ya upande wa pili. Baadhi ya wahadhiri husahihisha karatasi kwa alama 100 kisha wakaipunguza kwenda 70. Hapo unahitaji asilimia moja kwa moja: 38.25 gawa kwa 70, zidisha kwa 100, ni 54.64. Panda juu, 55. Hakikisha kwa kurudi nyuma: 55 mara 0.7 ni 38.5, ukiongeza 21.75 unapata 60.25. Imefika. Jaribu 54: mara 0.7 ni 37.8, ukiongeza 21.75 ni 59.55. Haijafika. Kurudi nyuma namna hii huchukua nusu dakika na hugundua karibu kila kosa la hesabu, kwa hiyo ifanye kila mara.

Utajuaje karatasi yako ni ya 70 au ya 100? Tazama mitihani ya miaka iliyopita, iliyoko maktaba au kwa wenzako waliotangulia. Mabano ya alama mwishoni mwa kila swali yatakwambia.

Hatua ya nne: zigawe alama kwenye maswali

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiruka. Namba 39 ikiwa peke yake haikusaidii ukiwa umeketi mbele ya karatasi. Inakusaidia ukijua itatoka wapi.

Karatasi nyingi za vyuo vya Kenya zina sura moja: swali la kwanza ni la lazima na lina alama 30, kisha unachagua mawili kati ya maswali matatu au manne yanayobaki, kila moja alama 20. Thelathini na ishirini na ishirini ni sabini. Muda ni saa mbili.

Mwanafunzi wetu anahitaji 39. Tuseme anaona anaweza kupata 19 kwenye swali la kwanza, kwa sababu huwa limekatwakatwa vipande vidogo vinavyogusa kozi nzima, na kila kipande kinaanza na kitu chepesi kama fasili au hesabu ya hatua moja. Zinabaki 20 kutoka kwa maswali mawili ya hiari, yaani 10 kwa kila moja, nusu ya swali. Hilo linawezekana kwa mtu aliyeelewa mada mbili vizuri kiasi.

Sasa tuseme swali la kwanza linamwendea vibaya, anapata 14. Zinabaki 25, kwa hiyo 13 kwenye moja na 12 kwenye lingine. Bado ni jambo la kufanyika, ila sasa zile mada mbili lazima azijue zaidi ya nusu.

Halafu kuna hali inayowaangusha wengi kuliko zote: muda unakwisha na swali la tatu liko tupu. Sasa karatasi yake ina alama 50 tu za kupigania, na bado anahitaji 39. Hiyo ni asilimia 78 ya yote aliyoandika. Mtu aliyekuja na lengo la kawaida la asilimia 56 amejigeuzia mtihani wake ukawa mtihani wa mwanafunzi bora darasani. Ndiyo maana nasema ukurasa mmoja wenye majibu ya kujaribu kwenye swali la tatu una thamani kuliko ukurasa wa nne wa swali la kwanza. Alama sita au saba za mwanzo za swali lolote la alama 20 ndizo rahisi kuzipata, na za mwisho ndizo ngumu.

Muda nao hugawika kwa hesabu hiyo hiyo. Dakika 120 kwa alama 70 ni dakika 1.7 kwa kila alama. Swali la alama 30 lipewe dakika 51 hivi, na kila swali la 20 dakika 34. Ukitoa dakika za kusoma karatasi na kujaza jina la kozi na namba ya usajili kwenye kijitabu cha majibu, sema 45 kwa swali la lazima na 30 kwa kila moja la hiari, unabaki na robo saa ya kuanzia na kurudia. Andika saa ya kuhama pembeni mwa karatasi ya maswali kabla hujajibu chochote. Mtihani ukianza saa tatu asubuhi, swali la lazima likome saa tatu na dakika hamsini, hata kama sentensi haijakamilika. Iache, rudi baadaye.

Kazi ya muhula ina bei gani?

Ukishaelewa kutoa, unaweza pia kujua mapema kosa la muhula litakugharimu kiasi gani. Alama moja ndani ya 30 ni sawa na alama moja ndani ya 70, kwa sababu zote zinaingia kwenye 100 ile ile. Kinachotofautiana ni jinsi alama ya kwenye karatasi inavyogeuka kabla ya kuingia.

Kwenye kozi hii, CAT ya pili ilikuwa kati ya 40 na ikapunguzwa hadi 10. Kila alama yake ni robo tu ya alama ya mwisho. Mwanafunzi akienda ofisini kwa mhadhiri kudai alama mbili alizonyimwa kwenye CAT hiyo, na akapewa, amepata nusu alama. Inaweza kustahili safari, inaweza isistahili. Lakini asainmenti ilikuwa kati ya 10 na inabaki 10. Kila alama yake inaingia nzima.

Sasa ona kinachotokea angeacha kuwasilisha asainmenti, kwa ile fikra ya kawaida kwamba "asainmenti ni ndogo, nitafidia kwenye mtihani." Alama zake za muhula zingekuwa 7 na 6.75, jumla 13.75. Ili afike 60 angehitaji 46.25, yaani 47 kati ya 70, karibu asilimia 67. Kutoka 39 hadi 47: alama nane zaidi kwenye ukumbi wa mtihani, bila vitabu, kwa saa mbili, badala ya kuzipata kwa jioni mbili tatu za kukaa na maswali akiwa na madaftari yake na wenzake. Mhadhiri akikubali asainmenti iliyochelewa kwa kukata alama, hata ukibaki na 5 kati ya 10, ipeleke.

Kozi zaidi ya moja

Muhula una kozi sita, saba, na usiku ni ule ule. Hesabu hii inafaa zaidi ukiipanga kozi kwa kozi na kulinganisha unachohitaji na unachoweza.

Mwanafunzi wetu ana kozi nyingine mbili zinazomsumbua akili. Sheria ya biashara ana 16 kati ya 30. Uhasibu ana 25. Kote anataka 60. Sheria anahitaji 44 kati ya 70, karibu asilimia 63. Uhasibu anahitaji 35, asilimia 50 kamili. Ukiangalia namba hizo peke yake unaona sheria ni ngumu na uhasibu ni mteremko.

Lakini usiishie hapo. Jiulize ulipata asilimia ngapi kwenye CAT ulizoketi darasani bila msaada. Asainmenti, hasa za kundi, huinua alama za muhula na hazisemi lolote kuhusu utakavyofanya ukiwa peke yako na kalamu. Kwenye takwimu, CAT zake mbili ni asilimia 70 na 67.5, na anahitaji 56. Ana nafasi ya kupumua. Kwenye uhasibu zile 25 zimebebwa na asainmenti ya kundi. CAT ya darasani alipata asilimia 52. Anahitaji 50. Yuko ukingoni, na yeye alidhani ndiko salama kuliko kote. Kwenye sheria CAT za darasani ni asilimia 53, na anahitaji 63.

Sasa picha imebadilika. Takwimu isomwe kwa kawaida. Uhasibu upewe muda ambao hakuwa amepanga kuupa, kwa sababu kuteleza kidogo tu kunamtoa kwenye B. Sheria ndiyo ya kuamua kwa moyo mkunjufu: ama aongeze bidii ya pointi kumi nzima, ama akubali C na kupeleka saa hizo kwingine. Akiamua C, shabaha ni 50, anahitaji 34 kati ya 70, asilimia 49, ambayo iko ndani ya uwezo wake wa sasa. Mimi ningemshauri aulinde uhasibu kwanza. B iliyo ukingoni huokolewa kwa bei nafuu kuliko ile ya kupanda pointi kumi, na kwenye wastani wa kuhitimu zote mbili zinahesabika sawa ikiwa kozi zina uzito sawa.

Ukitaka kompyuta ikufanyie kazi hii kwa kozi zote, fungua lahajedwali. Weka alama za muhula, zilizokwisha kugeuzwa kuwa kati ya 30, kwenye safu ya B, na shabaha kwenye safu ya C. Alama unazohitaji kati ya 70 ziko hivi:

```
=ROUNDUP(C2-B2,0)
```

Na kama karatasi ni ya 100:

```
=ROUNDUP((C2-B2)*100/70,0)
```

Ivute fomula chini mpaka kozi ya mwisho. Jibu la juu ya 70 kwenye fomula ya kwanza, au juu ya 100 kwenye ya pili, haliwezi kutokea kwa shabaha ya 70 au chini yake. Ukiliona, umeandika kitu vibaya. Jibu hasi nalo ni dalili ya kosa, kwa sababu alama za muhula hazizidi 30 na shabaha ya chini kabisa ni 40. Kumbuka pia kwamba bila mtihani kozi haihesabiki kuwa imekamilika, na ziko idara zinazodai alama ya chini maalumu kwenye mtihani wenyewe hata kama jumla imefika 40. Angalia kanuni za mitihani za chuo chako juu ya hilo.

Kosa la wastani, na jinsi ya kulikamata

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni la mtu kuchukua asilimia ya kazi za muhula na asilimia ya mtihani, akazijumlisha na kugawa kwa mbili. Mwanafunzi wetu ana 21.75 kati ya 30, ambayo ni asilimia 72.5. Akipata nusu ya mtihani, asilimia 50, anajumlisha, anagawa kwa mbili, anapata 61, anashangilia B. Hesabu ya kweli ni 21.75 kuongeza nusu ya 70, yaani 35. Jumla 56.75. Ni C.

Kuna njia ya kulikamata kosa hili kwa macho. Jumla ya mwisho lazima iwe katikati ya asilimia zile mbili, na lazima iwe karibu na ya mtihani kuliko ya muhula, kwa kiasi cha 3 kwa 7. Hapa 56.75 iko mbali na 50 kwa 6.75, na mbali na 72.5 kwa 15.75. Ukigawa umbali huo mdogo kwa mkubwa unapata 3 kwa 7 barabara. Namba yako ikiangukia katikati kabisa, umefanya wastani wa kawaida. Ikiangukia nje ya asilimia zote mbili, umegeuza kitu mara mbili au hukukigeuza kabisa.

Matokeo yakitoka hayalingani

Tunza karatasi zako za CAT zilizosahihishwa, au zipige picha siku unapozipokea, ukurasa wa mbele wenye alama na jina lako vikionekana. Alama zinapopotea kati ya daftari la mhadhiri na mfumo wa chuo, picha hiyo ndiyo inayofupisha mjadala.

Na hesabu uliyoifanya inakusaidia kujua nini hasa kimepotea. Tuseme mwanafunzi wetu alitoka mtihani akiamini amepata 40 hivi. Alitarajia 61 au 62. Tovuti inaonyesha 55. Tofauti ni 6.75 hadi 7 hivi, na hiyo inafanana na CAT ya pili, 6.75, au na ya kwanza, 7. Kama mhadhiri aliiacha moja, jumla ingeshuka kwa kiasi hicho hicho. Tofauti ingekuwa 21 au 22, maana yake kazi zote za muhula hazikuingizwa na unachokiona ni mtihani peke yake. Tofauti ikiwa 3 au 4 tu, uwezekano mkubwa ni kwamba ulijikadiria vizuri mno kwenye mtihani, na karatasi za CAT hazitakusaidia.

Ukienda ofisini, usiseme alama zako ni chache. Mpe mhadhiri karatasi yenye mistari minne: CAT ya kwanza 14 kati ya 20, CAT ya pili 27 kati ya 40, asainmenti 8 kati ya 10, jumla 21.75 kati ya 30, na umwombe alinganishe na alichoingiza. Ni rahisi kwake kuona mstari ulio tupu kuliko kukumbuka mwanafunzi mmoja kati ya mia tatu. Fanya hivi kabla ya mtihani kama unaweza, wakati darasa bado lipo na kiongozi wa darasa anaweza kuchapisha orodha nzima ya alama za muhula kwenye kundi.

Ukishindwa kufika 40

Hapa hesabu inabadilika, na watu wengi hawajui mpaka wamefika. Kanuni za vyuo vingi ni kwamba sapu husahihishwa kwa alama 100 na zile 30 za muhula hazihesabiwi tena. Aidha, ukiipita, alama inayoandikwa kwa kawaida ni 40, hata ukiwa umepata 65. Mwanafunzi wetu mwenye 21.75 alihitaji 19 tu kati ya 70 kwenye mtihani wa kawaida ili apite, asilimia 27. Kwenye sapu anahitaji 40 kati ya 100, na D ndiyo juu kabisa anapoweza kufika.

Kwa hiyo ukiwa mgonjwa siku ya mtihani, au umefiwa, usiingie ukumbini ukitumaini kwamba sapu itakuokoa. Omba mtihani maalumu. Huo huhesabiwa kama mara ya kwanza: zile 30 zako zinabaki, na alama haifungwi kwenye 40. Peleka barua ya daktari au ya chifu kwa idara mapema kadiri uwezavyo, ikiwezekana kabla ya saa ya mtihani wenyewe, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.